Mzee kasema "hamsini hamsini", wewe ukaandika hamsini

Ukipewa hotuba ya Kiswahili iliyochapwa neno kwa neno halafu ukaambiwa itoe makala safi ya Kiingereza, kitu cha kwanza mkono unachotaka kufanya ni kufuta. Unafuta eeh, unafuta yaani, unafuta kila neno lililotokea mara mbili, ukimaliza unaona karatasi imekuwa nyeupe na unajisikia vizuri. Shida ni kwamba kwenye Kiswahili kurudia neno si uchafu wa mdomo tu, mara nyingine ndiyo sarufi yenyewe, na ukiifuta umebadilisha hesabu ya watu bila kujua. Hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika, na mhariri wa Kiingereza hawezi kukushika kwa sababu yeye anaona sentensi nzuri tu.

Huku Uganda hii kazi ipo zaidi ya watu wanavyodhani. Katiba ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, lakini ripoti, jarida la chama, barua ya mfadhili, vyote bado vinaandikwa Kiingereza. Kwa hiyo Busia, Malaba, Arua, Kasese, mtu anapanda jukwaani anaongea Kiswahili saa nzima, watu wanapiga makofi, halafu kesho yake kuna kijana mmoja anaambiwa tunataka kitu cha maneno mia nane, Kiingereza, kabla ya Ijumaa.

Nitachukua kipande kimoja tu nikivunje chote. Nimekitunga mimi, lakini ukishawahi kukaa kwenye mkutano wa wauza mahindi mpakani utajua kinafanana na vya kweli. Tuseme mwenyekiti wa chama cha wafanyabiashara wa mahindi Busia anaongea, na aliyechapa ameandika kila alichosikia:

"Sasa ndugu zangu eeh, ule mwaka, ule mwaka wa korona, si mnakumbuka, mwezi wa pili, hapana, wa tatu, mwezi wa tatu Kenya wakafunga. Yaani walifunga mahindi yetu. Wakasema nti ina sumu, ile nini, aflatoksini. Malori yakasimama. Yakasimama, yakasimama, yakasimama hapa barabarani. Kila mtu alikuwa na gunia mia mia, wengine mia mbili mbili. Na madereva wanadai elfu hamsini hamsini kila siku, yaani lori likilala wewe unalipa. Kale. Tukakaa chini, na mama mmoja, alikuwa mweka hazina wetu, akasema tununue kile kipimo, ile mashine ya unyevu. Tukachanga elfu ishirini ishirini. Leo mahindi yakifika saa moja yanapimwa, ikizidi kumi na tatu na nusu inarudi kuanikwa. Pole pole wakatuamini."

Soma tena polepole uone marudio yako ya aina ngapi. Kuna pale amekosea akajirekebisha, "mwezi wa pili, hapana, wa tatu". Kuna pale anatafuta neno, "ule mwaka, ule mwaka". Kuna "yakasimama" mara nne. Na kuna "mia mia", "mbili mbili", "hamsini hamsini", "ishirini ishirini". Kwa macho yote yanafanana, neno na pacha wake. Kwa maana hayana undugu kabisa.

Tuanze na namba maana ndizo zinazouma. Kiswahili namba ikirudiwa maana yake ni kila mmoja. "Tukachanga elfu ishirini ishirini" maana yake kila mwanachama alitoa elfu ishirini, ukifuta moja unapata "tukachanga elfu ishirini", yaani chama kizima kilipata elfu ishirini, na hiyo pesa hainunui hata betri za hiyo mashine. Vivyo hivyo kwa madereva, "elfu hamsini hamsini" ni kila dereva, siyo jumla ya madereva wote. Kwenye Kiingereza huwezi kuandika namba mara mbili, itaonekana kosa la kuchapa, kwa hiyo pacha wa namba lazima ageuke kuwa neno linalosema "kila mmoja". Na angalia ujanja wa "gunia mia mia, wengine mia mbili mbili": hapa "mbili mbili" haimaanishi mbili kila mmoja, inamaanisha mia mbili kila mmoja, Mswahili anarudia mkia wa namba tu, siyo namba nzima. Mtu ambaye Kiswahili alikijifunza ukubwani anaweza kudhani mzee alikwama tu mdomoni.

Hii sheria haiko kwa namba peke yake. "Mmoja mmoja", "kidogo kidogo", "mbalimbali", "nyumba kwa nyumba", zote zinabeba kazi. "Pole pole wakatuamini" haiwezi kuwa "pole wakatuamini", hiyo kila mtu anaona, ndiyo maana nashangaa watu wanaoiona hapo hawaioni kwenye hamsini hamsini.

"Yakasimama, yakasimama, yakasimama" ni kitu kingine. Hapo mzee anapima muda kwa mdomo, kila yakasimama ni siku nyingine jua linawaka lori liko palepale. Ukiiandika mara nne kwa Kiingereza utaonekana unaigiza shairi, ukiiandika mara moja umepoteza urefu wa ile adha, sasa dawa yake ni kutoa marudio na kuweka muda badala yake: malori yalisimama siku baada ya siku. Lakini usiseme wiki, usiseme mwezi, hakusema. Ukitaka kujua ni siku ngapi muulize, na hata kabla ya kumuuliza unaweza kujisaidia mwenyewe kwa sababu hilo tukio liko kwenye rekodi za umma: Kenya ilitangaza zuio la mahindi ya Uganda na Tanzania tarehe 5 Machi 2021, na ndani ya wiki iliyofuata ikalilegeza kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa hiyo "siku baada ya siku" inakaa vizuri, "miezi" ingekuwa uongo.

Hapo hapo umeshapata na jibu la mwezi. Mzee alianza na wa pili akajirekebisha akasema wa tatu, na wa tatu ndiyo sahihi, sasa makala inabeba wa tatu tu. Mtu akijirekebisha, la kwanza linakufa, hulibakizi hata kwa heshima. Ila sikiliza rekodi kwanza kabla hujaua, kwa sababu "hapana" kwenye karatasi haina sauti, saa zingine anayesema hapana ni mtu wa meza kuu anamkatiza, na mzee anakubali kwa adabu tu huku yeye ndiye alikuwa sahihi. Mwaka mwenyewe, 2021, hakuutaja, alisema mwaka wa korona. Kwa mkutano wa Busia inatosha, kwa msomaji wa Kiingereza aliyeko mbali mwaka wa korona unaweza kuwa 2020 pia, kwa hiyo unaweka 2021. Tarehe 5 mimi siweki. Kama makala inatoka kwa jina lake na inasema "mimi" na "sisi", usimfanye aonekane anakumbuka tarehe ambazo hakuzitaja.

Sasa vijaza pengo. "Sasa", "eeh", "si mnakumbuka", "ile nini", "ndugu zangu", hizo zinaenda zote, hakuna atakayelia. "Kale" pia inaenda lakini kwanza ujue ni kale ipi, huku kwetu ni ile ya Kiganda, haya basi, twende mbele, lakini aliyechapa anaweza kuwa mtu wa pwani akaona "kale" ya zamani akaiunganisha na sentensi inayofuata, ukajikuta na makala inayosema hapo zamani za kale tulikaa chini. "Nti" ndiyo hivyohivyo, ni Kiganda cha "kwamba", ukikutana nayo usihangaike na kamusi ya Kiswahili.

"Yaani" ndiyo mtego. Watu wengi wanaifuta yote kwa mpigo mmoja, tafuta na ubadilishe, kwisha. Kwenye hiki kipande ziko mbili na zote mbili zinafanya kazi. Ya kwanza inasema kilichofungwa ni mahindi, siyo mpaka, na hiyo ni tofauti kubwa maana msomaji akiona "Kenya wakafunga" mwaka wa korona atadhani ni lile fungio la ugonjwa. Ya pili inaeleza ile elfu hamsini ni ya nini: lori likilala, unalipa. Mimi kipimo changu ni hiki, nafunika "yaani" kwa kidole nasoma kilichofuata, kama kilichofuata kinaongeza jambo basi yaani ni daraja na lile jambo lazima lifike kwenye Kiingereza hata kama neno lenyewe halitafika, kama kilichofuata ni kimya au ni neno lilelile, basi ni kikohozi, futa.

Kama transkripti ni ndefu na unaogopa kuruka kitu, kuna njia ya kuyaona marudio yote bila kuyafuta. LibreOffice Writer au Notepad++, fungua sehemu ya kutafuta, washa regex, yaani kutafuta kwa muundo badala ya neno moja, halafu tafuta hivi:

```
\b(\w+)[,\s]+\1\b
```

Itakurukisha kwenye kila neno lililofuatwa na pacha wake, hata kama katikati kuna koma. Ni ya kutazama tu, kisanduku cha kubadilisha kiache kabisa. Na haitakamata "mwezi wa pili, hapana, wa tatu" wala "ule mwaka, ule mwaka" maana hapo pacha ni maneno mawili, kwa hiyo macho bado yanahitajika.

Namba zikishakaa sawa kuna mambo ambayo Kiswahili kinaruhusu mtu asiseme na Kiingereza kinakulazimisha useme. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwenye kufuta, kusema ukweli.

"Saa moja". Kwetu ni saa moja ya Kiswahili, na Kiganda kinahesabu hivyohivyo, kwa hiyo Kiingereza kinasema saba. Sawa, lakini ya asubuhi au ya jioni? Mzee hakusema, na malori ya mahindi yanaweza kufika saa yoyote. Hii ni ya kumuuliza. Na "leo" hapo si siku ya mkutano, ni siku hizi, ukiiandika kama leo ya kalenda umefanya mahindi yapimwe siku moja tu.

"Elfu hamsini" ya wapi? Busia pesa mbili zinatembea barabara moja, na shilingi ya Kenya moja ni kama ishirini na nane au thelathini hivi za Uganda. Elfu hamsini za Kenya kwa kulaza lori usiku mmoja ingekuwa zaidi ya milioni moja na laki tatu za huku, hakuna anayelipa hivyo, kwa hiyo ni za Uganda na unaandika za Uganda. Ila namba ikiwa ya katikati, tuseme mtu kasema "elfu tatu" ya upakiaji, usikisie.

"Mama mmoja" ni mwanamke mtu mzima, siyo mzazi wa mtu. Bahati nzuri hapa amesema mama, maana angesema "mwenzetu mmoja akasema" Kiswahili hakikwambii ni mwanaume au mwanamke na Kiingereza kitakudai sentensi ya pili tu. Watu wanaweka mwanaume moja kwa moja, na yule mama aliyeleta wazo la mashine anapotea kwenye historia ya chama chake. "Alikuwa mweka hazina" nayo inasema wakati ule, labda bado ni yeye, labda siyo, andika wakati ule.

"Wakatuamini", nani hao? Kenya, wanunuzi, maafisa wa mpakani, au wanachama wenyewe? Kile kiambishi cha wa kinafunika watu wote hao na mkutano ulielewa kwa sababu walikuwepo. Kiingereza ukiweka "wao" hivihivi msomaji atarudi nyuma kutafuta, atawakuta madereva, kwa sababu ndio watu wengi wa mwisho kutajwa. Muulize. Tuseme amejibu ni wanunuzi wa upande wa Kenya.

Halafu kuna ile mashine, na hapa naomba uwe makini sana. Hotuba ilianza na aflatoksini ikaishia na mashine, kwa hiyo mtu mwenye haraka anaandika kwamba walinunua mashine ya kupima aflatoksini. Siyo. Mzee kasema ya unyevu, na ile kumi na tatu na nusu ni asilimia 13.5 ya maji kwenye punje, ndiyo kikomo cha kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki. Kipimo cha unyevu hakioni sumu hata kidogo, kinakuambia tu kama mahindi yamekauka vya kutosha ukungu usije ukaota na kutengeneza hiyo sumu huko mbele, na mahindi yaliyokwisha kuharibika shambani ukiyaanika yakauka vizuri bado yatapita kwenye hicho kipimo na sumu yake ndani. Ukiandika vibaya hapo mnunuzi akisoma atadhani chama kinatoa uhakika ambao hakina. Mzee hakudanganya, wewe ndiye utakuwa umemdanganyisha.

Ngeli usipoteze muda nazo. "Ina sumu", "inarudi kuanikwa", mwalimu wa Kiswahili angeweka ya, lakini ndivyo tunavyoongea huku na Kiingereza hakibebi ngeli zetu, kwa hiyo hilo linajifuta lenyewe. Kitu kibaya ni kumtafsiri mzee kwa Kiingereza kilichovunjika eti ndiyo "sauti yake halisi". Kiswahili chake wenzake walikielewa bila shida, basi na Kiingereza chake kieleweke bila shida.

Tukiweka yote pamoja, na majibu ya simu yakiwa ndani (alisema ni asubuhi), kile kipande kinatoka hivi:

```
In March 2021 Kenya stopped our maize over aflatoxin, and our
lorries stood on the road here day after day. Each of us had 100
bags waiting, some had 200, and each driver wanted 50,000 Uganda
shillings for every day the lorry was parked. A woman who was then
our treasurer said we should buy a moisture meter, so we put in
20,000 shillings each. Now maize that arrives at seven in the
morning is tested, and anything above 13.5 per cent goes back to
be dried. Little by little, the buyers in Kenya came to trust us.
```

Hesabu maneno utashangaa, tumetoa vijaza pengo vyote na marudio lakini Kiingereza kimepungua maneno machache tu kuliko Kiswahili tulichoanza nacho. Ni kawaida, "wakatuamini" ni neno moja kwetu na kule ni sentensi nzima. Kwa hiyo mtu akikuambia maneno mia nane, jua ni ya Kiingereza, na hotuba ya dakika ishirini hata ukiisafisha haitoshei humo, itabidi uchague. Mimi naanza kutupa itifaki, ile ya mheshimiwa RDC, mwenyekiti wa LC 5, mashehe na wachungaji, halafu shukrani, halafu utani wa jukwaani ambao ukivuka lugha unakufa. Halafu naangalia yale aliyoyarudia mbali mbali. Msemaji wa Kiswahili anaweza kugusa mashine dakika ya tano, akaondoka, akairudia dakika ya kumi na saba akiwa na bei yake na nani anaitunza. Hiyo si kurudia, ni jambo moja limekatwa vipande viwili, yakusanye mahali pamoja, na ndiyo maana inafaa kuandika dakika pembeni ya kila aya ya transkripti tangu mwanzo.

Kitu kimoja cha mpangilio: usafi ufanye kwenye Kiswahili kwanza. Chukua transkripti, weka mabano kwenye vya kufuta, piga mstari kwenye namba, saa, pesa na kila wa, a na yule asiyejulikana, andika maswali yako pembeni, piga simu, ndiyo uanze Kiingereza. Ukianza kutafsiri juu ya uchafu unakuwa unafanya maamuzi mawili kwa mpigo, hili neno lina maana gani na hili neno linahitajika, na ukichoka kidogo unaanza kufuta usichokielewa.

Mwisho ikishakamilika mzee anahitaji kuikubali, hasa kama ina jina lake, na huenda hasomi Kiingereza vizuri au hana muda. Mpigie, msomee kwa Kiswahili kutoka kwenye Kiingereza chako, siyo kutoka kwenye transkripti, maana ukimsomea transkripti atakubali maneno yake mwenyewe na makosa yako yatabaki yamejificha. Anza na namba. Ukimwambia "kila mmoja alitoa elfu ishirini" atasema ndiyo, na kama ulifuta pacha ukamsomea "tulichanga elfu ishirini" atakucheka hapohapo kwenye simu, atakuuliza mashine gani hiyo ya elfu ishirini.